Namna ya Kuagiza Picha ya Chapati Madondo Isiyokuja na Uma

Anza kwa kuandika maneno haya kwenye mtambo wowote wa kuchora picha, halafu usubiri chakula chako:

```
delicious African street food, Nairobi slum, steam, bokeh, warm colors, 8k, masterpiece
```

Utakacholetewa kitakuwa kitamu machoni, ila hakijawahi kupikwa Mukuru kwa Reuben tangu mtaa uanze. Mara nyingi ni bakuli jeusi la udongo juu ya meza ya mbao nzito, ndani yake mna mchuzi mwekundu usiojulikana kabila, juu yake tawi la rozmeri, kando uma unaong'aa. Moshi mzito unapanda ukidhani ndio mvuke. Nyuma, kwa sababu umetaja mtaa wa mabanda, kuna lundo la taka na mtoto asiye na viatu. Yaani mteja ameitwa kula, kisha akaonyeshwa dampo.

Mwongozo huu ni wa yule kijana wa saiba anayechapisha mabango, na wa mama mwenye kibanda anayetaka picha ya kuweka kwenye status ya WhatsApp kabla wafanyakazi wa Industrial Area hawajapita asubuhi. Nitachukua sahani moja tu, chapati madondo, na kuifuata mpaka iive. Mutura, viazi karai na smoki pasua wana mambo yao, nao wanastahili mwongozo wao.

Kwanza tujue mtambo unafanya nini na maneno yako. Haujui kupika wala kupiga picha. Umefunzwa kwa mabilioni ya picha zilizookotwa mtandaoni, kila moja na maelezo mafupi yaliyoandikwa chini yake, na umejifunza ni maneno gani huandamana na rangi na maumbo gani. Stable Diffusion, iliyotolewa Agosti 2022, ilifunzwa zaidi kwa picha zenye maelezo ya Kiingereza. Ndiyo maana maagizo humu yameandikwa kwa Kiingereza: "madondo" ni jina ambalo mtambo huo haukukutana nalo vya kutosha. Na kila neno unalolitaja huingia ndani na ukoo wake wote. Ukiita `slum`, inakuja familia nzima ya picha za magazeti ya ng'ambo: tope, mfereji, huzuni. Ukiita `African street food`, wanakuja vitenge, ngoma na wali mwekundu wa Afrika Magharibi. Ukiita `delicious`, anakuja mpishi wa hoteli na rozmeri yake, kwa maana neno hilo hutumiwa sana na watu wanaouza vitabu vya mapishi. Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na naiamini kwa moyo wote: usiutaje mtaa, taja vitu vilivyomo mtaani. Mtaa wa Reuben hauonekani kwenye sahani kwa jina lake. Unaonekana kwa bati lililopakwa rangi ya buluu, benchi la mbao lililolainika kwa kukaliwa, na sahani iliyochunika ukingoni.

Sasa sahani yenyewe. Usiseme "chapati" ukanyamaza. Peke yake neno hilo linaelekea India, na utapata mkate mkavu uliovimba, usio na tone la mafuta. Chapati ya kibandani imekandwa, ikapakwa mafuta, ikaviringwa, ikasukumwa tena, ikakaangwa kwenye chuma bapa. Kwa hiyo ina matabaka yanayoonekana pale ilipokunjwa, ina madoa ya hudhurungi yasiyolingana, na inang'aa kidogo. Hayo matatu ndiyo ya kuandika: matabaka, madoa, mafuta. Sema pia imekunjwa mara nne, maana hivyo ndivyo inavyotua mkononi mwa mtu mwenye haraka. Usiposema imekunjwaje, mtambo utakupangia rundo la chapati kumi, na hakuna aliyeagiza kumi.

Maharagwe nayo yana uongo wake. Mtambo hupenda kuchora punje nzima zinazolingana, zinazong'aa, zilizotoka kwenye mkebe. Madondo halisi hayalingani. Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100. Maharagwe hukaa motoni muda mrefu kuliko yale ya Mombasa, na yakifika mwisho baadhi yamepasuka ngozi na unga wake umeingia kwenye supu ukaifanya nzito. Mlaji wa Reuben huangalia huo uzito kabla ya kukaa. Supu ikiwa maji, anapita. Basi andika kwamba baadhi ya punje zimepasuka na kwamba supu ni nzito. Ongeza vipande vya karoti na dania iliyokatwa ndogo, kwa sababu ndivyo vinavyotiwa, na kwa sababu kijani cha dania kitakufaa tukifika kwenye rangi. Na taja aina ya sahani. Ukiacha nafasi hiyo wazi, bakuli la udongo litarudi bila kubisha hodi.

Uma tunaufukuza vipi? Si kwa kuandika "no fork". Mtambo wa aina hii unaposoma agizo husikia zaidi majina ya vitu kuliko makatazo, na ukitaja uma, hata kwa kuukataa, umeukumbusha. Katika Stable Diffusion kuna kisanduku cha pembeni kiitwacho `Negative prompt`, na humo ndimo vya kufukuzwa huandikwa kwa majina tu, bila neno la kukataa. Katika Midjourney unamaliza agizo kwa `--no` ukifuatisha vitu hivyo. Kisanduku changu huwa na haya:

```
fork, wooden board, rosemary, smoke, clay bowl, text
```

Nimeweka moshi humo makusudi, na hapo ndipo tunapofika kwenye mvuke, kitu kinachoharibu picha nyingi za chakula kuliko kingine chochote.

Mvuke wenyewe, ule ulio gesi, hauonekani. Tunachokiona ni vitone vidogo vya maji vinavyotokea pale hewa yenye joto na unyevu inapokutana na hewa baridi. Ndiyo sababu sahani ileile ya madondo hufuka sana asubuhi ya Julai, Nairobi inapokuwa na baridi na mawingu, na Februari saa sita mchana ukaona kidogo sana, ingawa maharagwe ni ya moto vilevile. Vitone hivyo hukauka haraka hewani. Basi mvuke wa sahani hupanda mwembamba, ukajipinda, ukapotea kabla haujafika shibiri moja juu. Moshi haupotei hivyo. Hupanda, hutanda, na mbele ya kitu cheusi huwa na rangi ya buluu-buluu. Jiko la makaa liko palepale kibandani, kwa hiyo mtu anayeijua Reuben anazijua tofauti hizo kwa pua na kwa macho. Mtambo hauna pua. Ukiuambia `steam` peke yake, huleta wingu linalofaa treni.

Uambie mtambo mambo matatu kuhusu mvuke. La kwanza, unatoka wapi: kwenye maharagwe. Chapati hutoa kidogo tu, na ukingo wa sahani hautoi chochote. La pili, ni kiasi gani: nyuzi nyembamba, zinazoishia karibu. La tatu, na hili ndilo muhimu kuliko yote, mwanga unatoka wapi na nyuma kuna nini. Vitone vya maji hutawanya mwanga zaidi kuelekea mbele, kule mwanga ulikokuwa ukienda. Kwa hiyo taa au mlango ukiwa nyuma ya sahani, upande unaomkabili mpigapicha, mvuke huwaka. Mwanga ukitoka nyuma ya mpigapicha, mvuke hufifia ukakaribia kutoweka. Na hata ukiwaka, mbele ya ukuta mweupe au anga hautauona, kwani ni weupe juu ya weupe. Unahitaji giza nyuma yake. Bati la buluu iliyokolea lililo kivulini linatosha kabisa, na kwa bahati nzuri Reuben haina upungufu wa bati.

Kuna jambo moja ambalo wapigapicha wa kweli hulijua na mtambo haulijui. Madondo yaliyotiwa mafuta ya kutosha huwa na utando wa mafuta juu, na utando huo huzuia maji kupanda. Sahani inaweza kuwa ya moto sana na isifuke. Ukiingiza kijiko na kukiinua, utando unapasuka na mvuke unatoka kwa nguvu kwa muda mfupi. Kwa hiyo picha inayoonyesha mafuta yaliyotulia kabisa juu ya mchuzi na wakati huohuo mvuke mzito inasema mambo mawili yasiyokaa pamoja. Unaweza kuandika kijiko kilichoinuliwa kidogo kutoka kwenye maharagwe, lakini ujue vijiko huupa mtambo taabu: mpini huungana na ukingo wa sahani au hupindia pasipo na kiungo. Mimi hukiacha kijiko nje na kupunguza mafuta.

Fokasi fupi, ile ya kitu kimoja kuwa wazi na vingine kuyeyuka, watu huiagiza kwa pupa. Huandika `f/1.2` wakidhani kadiri namba inavyopungua ndivyo hamu inavyoongezeka. Hebu tupige hesabu kwa kamera ya kweli. Kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50, ikiwa nusu mita kutoka kwenye sahani na tundu likiwa f/2.8, inaweka wazi unene wa takriban sentimita moja na nusu. Hiyo inatosha punje za mbele na makali ya chapati iliyo kando yake. Ukifungua hadi f/1.4, unabaki na nusu ya hapo: punje moja wazi na nyingine zote uji. Mteja akiona uji atadhani ni uji.

Ni kweli mtambo haupigi hesabu hiyo. Namba ya lenzi kwake ni neno miongoni mwa maneno, lililozoeleka chini ya picha za aina fulani. Ndiyo maana `50mm` na `f/2.8` husaidia bila kutii kwa usahihi. Linalosaidia zaidi ni kusema wazi kitu kipi kiwe na fokasi: punje za mbele. Neno `bokeh` liache kabisa. Linaita taa za mapambo, yale maduara ya rangi yanayoelea nyuma, na kibanda kitageuka baa ya Krismasi.

Rangi za joto sasa. Ukiandika `warm colors`, mtambo unamimina chungwa juu ya kila kitu. Chapati itapendeza, maharagwe yatapendeza, lakini dania itakuwa ya kahawia, na hapo macho yanasema chakula ni cha jana. Joto la rangi linaonekana kwa sababu pana baridi kando yake. Kwa hiyo usiombe rangi, omba mwanga, halafu upe mtambo kitu baridi cha kuweka nyuma. Balbu ya kawaida ya manjano ina joto la rangi la Kelvini 2,700 hadi 3,000, mwanga wa mchana karibu 5,500, na kivuli kinachomulikwa na anga tupu hupita 7,000 na kuelekea buluu. Sahani iliyoangaziwa na balbu ndani ya kibanda, na bati la buluu kivulini nje ya mlango, tayari ina joto na baridi yake bila kuongeza chumvi.

Wengine wanapenda jua la jioni, nami nalipenda, ila lijue lilivyo hapa. Nairobi iko karibu na Ikweta, jua hutua likishuka karibu wima, na ule mwanga wa dhahabu wa mwisho hukaa chini ya nusu saa, kama saa kumi na mbili hivi jioni. Tena vichochoro vya Reuben ni vyembamba, mabati yanakaribia kugusana, na jua hilo la chini halifiki kwenye benchi isipokuwa pana mwanya. Picha inayoonyesha kichochoro kizima kimejaa dhahabu imepigwa mji mwingine. Mwanga unaoingia kwa mlango ndio wa kweli, na ndio unaowasha mvuke.

Basi tukusanye:

```
Close-up food photo, one oily layered chapati folded in four, brown spots, thick red bean stew, some beans split, carrot, chopped coriander, worn enamel plate on wooden bench, thin backlit steam from beans, dark blue corrugated iron wall blurred behind, warm doorway light, 50mm, f/2.8, focus on front beans
```

Chakula kimetangulia kwa sababu maalumu. Matoleo ya kwanza ya Stable Diffusion husoma vipande 75 tu vya maneno kwa mkupuo, na neno moja refu linaweza kuhesabiwa vipande viwili au vitatu. Baadhi ya programu hukata vinavyozidi bila kukuambia. Ukianza na `8k, masterpiece` umetumia nafasi kwa sifa, na kinachokatwa mkiani ni lenzi, mlango au mvuke wenyewe. Mitambo ya baadaye husoma sentensi ndefu, lakini hata huko kilichotangulia ni salama zaidi.

Picha ikija, usiifute yote kwa kosa moja. Namba iitwayo `Seed` ndiyo inayoamua mchafuko wa mwanzo ambao picha huchongwa kutoka kwake. Ishike ileile, badilisha neno moja, uone ni nini kimebadilika. Ukibadilisha maneno matano pamoja hutajua lipi lililoleta rozmeri. Rangi zikionekana zimeungua, nyekundu imekuwa damu na weusi umekuwa lami, angalia `CFG Scale`, kipimo cha jinsi mtambo unavyolishikilia agizo lako. Saba ni ya kawaida. Ikiwa kumi na mbili, rangi huungua, nawe ukishusha hadi tano zinatulia.

Kisha kagua kwa macho ya mteja mwenye njaa na shaka. Fuata mvuke kutoka juu kwenda chini: unaishia kwenye maharagwe, au unatoka kwenye benchi? Tazama vivuli vya punje na kivuli cha sahani: vinaelekea upande mmoja? Tazama ukingo wa kushoto na wa kulia wa sahani, sehemu zilizo umbali sawa kutoka kwenye lenzi. Katika lenzi ya kweli zinakuwa wazi kwa kiasi kimoja. Mtambo huweka wazi mmoja na kufifisha mwingine kwa kuwa umeiga sura ya fokasi bila kujua umbali. Mwisho hesabu mikunjo ya chapati. Ikiwa tabaka linaingia ndani ya tabaka na halitoki, rudia.

Yote hayo yakikamilika, bado sahani hiyo si ya mama mwenye kibanda. Ni ya mtambo. Mteja atakuja na simu mkononi, "Mathe, hii ya picha iko wapi?" na mama hatakuwa na jibu zaidi ya "Keti kwanza, kijana, onja." Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza kudai kwamba bidhaa ina sifa au viungo ambavyo haina, na haikusema vibanda vimesamehewa. Lakini hata bila sheria, mtu anayerudi kila asubuhi hadanganywi mara mbili.

Njia ninayoitetea ni kuanza na picha ya simu ya sahani ya mama mwenyewe. Mwombe apakue kama kawaida, weka sahani kwenye benchi, mlango ukiwa nyuma yake, inama karibu, piga mara tu anapokoroga. Picha hiyo iingize kwenye sehemu ya `img2img`, ukiiambatisha na agizo lilelile. Kuna kipimo kiitwacho `Denoising strength`, kutoka 0 hadi 1. Kwenye 0.3 hivi, mtambo unatuliza vurugu za nyuma, unapasha mwanga na kukoleza mvuke uliokuwepo, huku chapati ikibaki na madoa yake na sahani na mchuniko wake. Ukipandisha hadi 0.7, imekuwa sahani ya mtu mwingine. Nikiona karoti zimeongezeka kuliko zilizopakuliwa, hushusha.

Bei isiandikwe na mtambo. Herufi huuvuruga, na shilingi hamsini inaweza kutoka ikisomeka shilingi ya nchi isiyokuwapo. Acha nafasi tupu kwenye bati la nyuma, kisha kijana wa saiba aandike jina la kibanda na bei kwa programu yake ya kawaida ya mabango. Kabla ya kuchapisha turubai zima, achape kipande cha ukubwa wa karatasi ya A4, kwa maana wino haufikii chungwa linalong'aa kwenye kioo cha simu. Maharagwe yakitoka na rangi ya udongo kwenye karatasi, aongeze mwanga kidogo, rangi aiache ilivyo, na amwonyeshe mama kabla ya kulipisha.